Ngumi Isiyofika: Historia ya Mapigano Salama Mbele ya Kamera, kutoka Momela hadi Miteremko ya Nkoaranga

Utangulizi

Mwishoni mwa mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Tanganyika kupata uhuru, kikosi cha watengenezaji wa filamu kutoka Marekani kiliweka kambi Momela, upande wa kaskazini mashariki wa Mlima Meru. Mwongozaji alikuwa Howard Hawks. Steringi, kama watazamaji wa Afrika Mashariki walivyozoea kumwita mhusika mkuu wa picha za mapambano, alikuwa John Wayne. Filamu waliyoitengeneza ilitolewa mwaka 1962 ikiwa na jina la Kiswahili, Hatari!, nayo inasimulia habari za watu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya mabustani ya wanyama.

Katika simulizi za Arusha, filamu hiyo hukumbukwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni wanyama wenyewe: faru, twiga, nyati na ndovu wadogo. Ya pili ni kwamba mmoja wa waigizaji, Mjerumani Hardy Krüger, aliipenda Momela kiasi cha kununua shamba huko na kuishi kwa miaka kadhaa. Makala hii inaangalia jambo dogo zaidi, ambalo kwa kawaida hupitwa bila kutajwa. Mwanzoni mwa filamu, baada ya mkamataji mmoja kujeruhiwa na faru na kukimbizwa hospitalini Arusha, mhusika Kurt, aliyeigizwa na Krüger, anampiga ngumi kijana mgeni aitwaye Chips, aliyeigizwa na Mfaransa Gérard Blain. Baadaye Chips anairudisha ngumi hiyo, na deni linaisha. Ni ngumi mbili tu katika filamu yenye urefu wa zaidi ya saa mbili na nusu. Hata hivyo, zinazua swali linalostahili kuchunguzwa: kwa nini filamu iliyojivunia kuwapeleka waigizaji wake karibu na pembe ya faru wa kweli ilitegemea maigizo pale ilipohitaji mtu ampige mtu?

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba pigo la filamu halikuwa kamwe uigaji dhaifu wa pigo la kweli. Ni kitu kingine, chenye historia yake na kanuni zake. Sehemu kubwa ya makala inahusu historia hiyo. Sehemu ya mwisho inazijaribu kanuni hizo katika onesho moja la kubuni linalowekwa Nkoaranga, kwenye miteremko ya kusini ya mlima uleule.

Kutoka ngumi ya kweli hadi ngumi inayopita

Katika miaka ya mwanzo ya sinema, njia ya kuonyesha ugomvi ilikuwa ama kugombana kweli, ama kusukumana ovyo hadi mtazamaji aelewe kwamba kuna ugomvi. Mfano unaotajwa mara nyingi ni filamu The Spoilers ya mwaka 1914. Mwishoni mwake William Farnum na Tom Santschi wanapigana kwa muda mrefu ndani ya chumba, na inajulikana kwamba waliumizana kwelikweli. Pigano hilo lilisifiwa kwa miaka mingi. Lakini kwa mtengenezaji wa filamu lilikuwa na kasoro ya wazi: lisingeweza kurudiwa. Mwigizaji aliyevimba uso siku ya Jumatatu hawezi kupigwa picha Jumanne katika onesho linalotangulia ugomvi. Aidha, kipande kilichoharibika kwa sababu mwanga ulipungua hakiwezi kupatikana tena kwa gharama ya mbavu za mtu.

Waigizaji wa michezo ya hatari walipata suluhisho la nusu. Walipigana mabegani na kwenye mikono ya juu, sehemu zinazostahimili, huku wakitumaini kwamba mtazamaji hatatambua. Mtazamaji alitambua. Ngumi inayotua begani husimama begani, na kichwa kikirushwa nyuma wakati ngumi imesimama begani, jicho hulalamika hata kama mwenye jicho hajui sababu. Waliopigwa, nao, walirudi nyumbani na michubuko.

Mabadiliko yalikuja katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1930, katika filamu za bei nafuu za wachunga ng'ombe zilizotengenezwa chini ya jina la Lone Star na kusambazwa na kampuni ya Monogram. Watu watatu ndio wanaohusishwa na mabadiliko hayo: mwongozaji Robert N. Bradbury, Yakima Canutt, bingwa wa zamani wa mashindano ya kupanda farasi wakali aliyegeuka kuwa fundi wa michezo ya hatari, na kijana aliyekuwa bado hajawa nyota, John Wayne. Walichogundua ni kwamba ngumi haihitaji kutua mahali popote. Ikipita mbele ya uso bila kusimama, na kamera ikiwa imewekwa nyuma ya bega la mmoja wa wagombanaji, mtazamaji huona ngumi ikifika na kupitiliza. Mpigaji anaweza kurusha mkono kwa nguvu zote, kwa sababu hakuna kinachouzuia. Hapo ndipo penye siri: ngumi iliyokosa ilionekana kali zaidi kuliko ngumi iliyotua begani, kwa kuwa haikupunguzwa mwendo.

Sababu ya jambo hili kufanikiwa iko katika lenzi. Binadamu hupima umbali kwa macho mawili. Kamera ina jicho moja. Mtu akifumba jicho moja na kumwomba mwenzake apitishe kidole mbele ya kikombe kilicho mezani, atapata tabu kusema kama kidole kiko sentimita tano au thelathini kutoka kwenye kikombe. Kamera huwa katika hali hiyo daima. Kwa hiyo pengo lililo kati ya ngumi na pua hupotea endapo tu pengo hilo limelala kwenye mstari unaotoka kwenye lenzi kwenda usoni. Kamera ikihamishwa ubavuni, ikawatazama wagombanaji wote wawili kwa upande, pengo hulala wazi kwenye fremu na udanganyifu huisha.

Mwaka 1942 The Spoilers ilitengenezwa upya, safari hii Wayne akiwa mmoja wa wagombanaji na Randolph Scott akiwa mwingine. Pigano lilikuwa refu na la kuvunja samani, kama lile la 1914, lakini lilifanywa kwa mbinu mpya na kwa msaada wa watu waliochukua nafasi za nyota hao katika sehemu za hatari. Katika kipindi cha chini ya miaka thelathini pigano lilelile lilikuwa limehama kutoka kwenye mwili hadi kwenye pembe ya kamera.

Momela, 1960

Mtu aliyefika Momela mwishoni mwa 1960 alikuwa, basi, mmoja wa wale walioshiriki kuibuni mbinu hiyo, sasa akiwa na umri wa miaka 53. Mazingira aliyoyakuta yalidai kinyume chake. Hawks alitaka waigizaji wenyewe waonekane katika ukamataji. Lori hukimbia sambamba na mnyama kwenye mbuga, mtu ameketi kwenye kiti kilichofungwa pembeni mwa gari akiwa na mti mrefu wenye kitanzi, na kitanzi hurushwa shingoni mwa mnyama wakati gari likiruka mashimo. Shughuli hiyo ilifanywa kwa usaidizi wa wakamataji wazoefu, lakini katika vipande vingi uso unaoonekana ni wa Wayne mwenyewe, na faru ni faru.

Hapa ndipo jibu la swali la mwanzo linapopatikana. Ngumi ya filamu ni mapatano. Mpigaji na mpigwaji wamekubaliana ngumi itaanza lini, itapita wapi na kichwa kitageuka upande gani. Kila mmoja anamtazama mwenzake na kungoja ishara. Faru hawezi kuingia katika mapatano hayo. Hajui kamera iko wapi, hasubiri ishara, wala harudii kipande. Mbele ya mnyama, mtengenezaji wa filamu hana budi kurudi mwaka 1914: kufanya jambo lenyewe, kupiga picha kwa wingi, na kushukuru linalopatikana. Mbele ya binadamu mwenzake hana sababu ya kufanya hivyo. Filamu moja, kwa hiyo, ilibeba mifumo miwili ya kutengeneza hatari, na mipaka kati yake ilifuata swali moja tu: je, anayekabiliwa anaweza kukubaliana?

Kuna jambo la pili ambalo Momela inalifundisha, nalo limezingatiwa kidogo mno. Hata matukio ya kweli kabisa ya ukamataji hayakujitosheleza. Sauti iliyonaswa mbugani ilijaa ngurumo ya injini na upepo, na inaelezwa kwamba maneno aliyoyatoa Wayne katikati ya purukushani hayakufaa kusikilizwa na familia. Mazungumzo yalilazimika kurekodiwa upya studio. Picha nazo zilikatwa na kuunganishwa ili mbio zilizopigwa kwa nyakati tofauti zionekane kuwa mbio moja. Mtu anayedhani kwamba kugusana kwa kweli humwondolea kazi ya sauti na uhariri angepaswa kuiangalia Hatari! kwa makini. Pembe ya faru ilikuwa ya kweli. Kishindo kilichosikika kwenye jumba la sinema kilipangwa na fundi.

Sauti inayomaliza pigo

Pigo la mwilini, likinaswa na maikrofoni, huvunja moyo. Ngumi halisi ikitua shavuni hutoa mlio mfupi, mkavu na mdogo, usiofanana na kile mtazamaji anachokitarajia. Kwa sababu hiyo, sauti ya ngumi katika filamu imetengenezwa mbali na ngumi tangu sinema ilipoanza kusema. Mafundi wa Hollywood walipiga vipande vya nyama, ngozi na vitabu vinene. Mfano mashuhuri wa miaka ya baadaye ni wa fundi Ben Burtt, ambaye kwa ajili ya ngumi za filamu za Indiana Jones alipiga rundo la jaketi za ngozi kwa gongo la mchezo wa besiboli.

Watazamaji wa Afrika Mashariki walizoeshwa sauti ya aina nyingine. Katika miaka ya 1970 filamu za mapigano kutoka Hong Kong zilijaza majumba ya sinema ya Tanganyika ya zamani na Kenya. Nyingi kati ya hizo zilipigwa bila sauti, kisha maneno, pumzi na vishindo vikaongezwa baadaye. Mkono ukikata hewa ulivuma. Ukitua ulipasuka kama ubao. Si sauti ya uhalisi hata kidogo, lakini ilikuwa na faida ya kumwambia mtazamaji, kwa uhakika usio na shaka, kwamba pigo limefika. Kizazi kilichokua katika vibanda vya video, ambako wasimulizi kama marehemu Lufufu wa Dar es Salaam waliweka Kiswahili juu ya filamu za kigeni, kilijifunza jambo hilo mara mbili: sauti inaweza kutoka mahali pengine kabisa, na picha ikaitii.

Filamu hizo hizo zina onyo lake. Wakati wa kutengeneza Enter the Dragon, iliyotolewa mwaka 1973, Bruce Lee alikatwa mkono na chupa iliyovunjwa, kwa kuwa chupa iliyotumika ilikuwa ya kioo cha kweli. Pigano lilikuwa limepangwa hatua kwa hatua na watu wenye ujuzi wa hali ya juu. Kilichomuumiza hakikuwa ngumi bali kifaa.

Onyo hilo limerudiwa karibu zaidi na nyumbani. Huko Wakaliga, kitongoji cha Kampala, mwongozaji Nabwana Isaac Godfrey Geoffrey na wenzake walitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha kidogo mno. Mapigano yao yalifuata mapatano ya mwili kwa uangalifu, kwa kuwa baadhi ya waigizaji walikuwa wanafunzi wa sanaa za mapigano za Kichina. Damu, hata hivyo, ilikuwa ya ng'ombe, hadi mwigizaji mmoja alipougua. Ndipo wakahamia kwenye rangi ya chakula, inayotiwa ndani ya kondomu na kupasuliwa kwa kuvuta uzi wa kuvulia samaki. Kisa hicho kina thamani kwa mtafiti kwa sababu kinaonyesha mahali ambapo hatari hujificha pindi ngumi zinapokuwa salama: kwenye chupa, kwenye damu, kwenye ardhi.

Onesho la mfano: ugomvi wa masale, Nkoaranga

Mwaka 1902 wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walianzisha kituo chao Nkoaranga, ambayo leo ina hospitali ya kanisa. Ni nchi ya migomba na kahawa, yenye miteremko, udongo unaoteleza nyakati za masika na mwanga unaobadilika ghafla ukungu unaposhuka mlimani. Sifa hizo zote huingia katika kazi ya kupiga picha ya ugomvi. Onesho linalofuata ni la kubuni, nalo limechaguliwa kwa kuwa linafanana na migogoro halisi ya mahali hapo.

Ndugu wawili wanagombania mpaka wa kihamba. Kaka mkubwa ameng'oa sale, mmea unaopandwa katika miteremko ya Meru na Kilimanjaro kuonyesha mipaka. Mdogo wake anaokota shina na kusema, "Kaka, sale hili lilipandwa na baba." Kaka anamjibu kwa ngumi. Mdogo anaanguka. Basi. Kwenye skrini tukio zima halitazidi nusu dakika, na ngumi yenyewe haitafika sekunde moja.

Uamuzi wa kwanza ni mahali pa kusimama. Kosa la kawaida kwenye mteremko ni kumweka mpigaji juu ya mpigwaji, kwa kuwa picha yake inapendeza. Uzito wa mwili utamvuta mpigaji kuelekea chini, na pengo lililopimwa kwa uangalifu litapungua kila kipande kinaporudiwa. Inafaa ndugu hao wasimame wakikata mteremko, nyayo zao zikiwa kwenye kimo kimoja, na upande wa kuume wa mdogo uelekee mlimani. Sababu ya sharti hilo la mwisho itaonekana punde.

Kisha pengo hupimwa. Kaka ananyoosha mkono wote, ngumi ikiwa imefungwa, na mdogo anasogea nyuma hadi kati ya ngumi na pua yake ibaki shibiri moja iliyotanuliwa vizuri, yaani sentimita 20 au zaidi. Nyayo za wote wawili huwekewa alama kwa jiwe au jani. Alama hizo ndizo zitakazolinda pua ya mdogo baada ya kipande cha sita, wakati kila mtu amechoka na mwongozaji anataka kumaliza kabla ya mvua.

Kamera huwekwa nyuma ya bega la kuume la kaka, ikimtazama mdogo usoni. Ngumi ya kuzungusha ya mkono wa kuume itaingia kutoka kulia mwa fremu, itapita mbele ya uso na kutokea kushoto. Mdogo atageuza kichwa kuelekea kushoto mwa fremu, ambako ndiko kuume kwake, na ndiko uliko mlima. Ataanguka, basi, kuelekea ardhi iliyoinuka, na umbali wa kuanguka utakuwa mfupi. Godoro jembamba lililofunikwa majani makavu ya mgomba linamngoja nje ya fremu. Wanaotumia simu wana tatizo moja la ziada. Lenzi ya kawaida ya simu ni pana, nayo hukuza kilicho karibu na kufichua umbali kati ya vitu. Dawa yake ni kurudi nyuma mita nne au tano na kutumia lenzi ya kuvuta, ikiwa simu inayo. Umbali ukipungua machoni pa lenzi, shibiri ile hupotea.

Mwendo hujengwa kwa vipande vitatu. Kaka anarudisha bega nyuma kwa uwazi, ili mtazamaji na mdogo waone kinachokuja. Wanatazamana machoni. Mdogo akiwa tayari hutoa ishara ndogo, pengine kuvuta pumzi, na hapo tu ngumi huondoka. Kwa maneno mengine, anayepigwa ndiye anayeongoza pigo. Waigizaji wachanga hulipinga jambo hili kwa sababu linapingana na hadithi, ambamo mdogo hana uwezo wowote; lakini anayeona hatari ndiye anayepaswa kuiruhusu. Mazoezi huanza polepole kama watu wanaotembea majini, kisha nusu ya mwendo, na hatimaye robo tatu. Mwendo kamili hauhitajiki kabisa. Kinachokosekana kitaongezwa kwenye uhariri.

Kofi linastahili neno lake. Katika tamthilia za nyumbani ushawishi wa kupiga kofi la kweli ni mkubwa kuliko ule wa ngumi, kwa hoja kwamba kofi haliui. Kiganja kinachotua sikioni kinaweza kupasua kiwambo cha sikio, na hakuna mwigizaji anayeweza kuahidi kwamba mwenzake hatageuza kichwa mapema. Kofi hupitishwa hewani vilevile kama ngumi. Kusukumana, kukamatana shingo na kuvutana nguo ndivyo vinavyoruhusu kugusana, kwa sharti kwamba nguvu inatoka kwa anayekamatwa: yeye ndiye anayejirusha nyuma, yeye ndiye anayeshika mikono iliyo shingoni mwake na kuizuia isimkaze.

Kosa moja la mwanga huonekana mara nyingi katika miteremko ya mashariki nyakati za asubuhi. Jua likiwa chini huangusha vivuli virefu, na nyuma ya wagombanaji kukiwa na ukuta uliopakwa chokaa, kivuli cha ngumi na kivuli cha uso hutengana ukutani waziwazi. Kamera imedanganywa, lakini kivuli kinasema ukweli. Mpigapicha mwangalifu huzungusha onesho zima hadi ukuta utoke kwenye fremu, au hungoja ukungu, ambao kwa kazi hii ni rafiki.

Uhariri huanza kwa kutazama kipande bila sauti, fremu kwa fremu. Kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni sehemu 4 za mia za sekunde, na ngumi huwa mbele ya uso kwa fremu mbili au tatu hivi. Mhariri hutafuta ile ambayo ngumi imeifunika pua. Ikiwa kichwa kimeanza kugeuka kabla yake, mdogo "amejua", na kipande hakifai. Ikiwa kimechelewa kidogo, fremu moja au mbili baada ya hiyo zinaweza kuondolewa, na kichwa kitaonekana kuruka kwa nguvu ambayo hakikuwa nayo. Njia nyingine ni kukata papo hapo kwenda kwenye kipande cha pili, kilichopigwa kutoka nyuma ya bega la mdogo, kichwa chake kikiwa tayari kinageuka na uso wa kaka ukionekana umekunjamana. Kamera zote mbili lazima ziwe upande mmoja wa mstari unaowaunganisha ndugu hao. Ikivuka mstari, kaka aliyekuwa kushoto atahamia kulia, na kwa nusu sekunde mtazamaji hatajua nani amempiga nani. Katika pigo, nusu sekunde ni pigo zima.

Sauti huwekwa mwisho, kwa tabaka. Kwanza mvumo mdogo wa nguo, unaopatikana kwa kukung'uta shati karibu na simu. Kisha kishindo, na hapa Nkoaranga ina neema ambayo Hollywood haikuwa nayo: shina la mgomba lililokwisha kukatwa, ambalo likipigwa kwa fimbo bapa hutoa mlio mzito wenye unyevu, karibu sana na ule ambao sikio linautarajia kutoka mwilini. Simu inayonasa huwekwa kama mita moja kutoka kwenye shina, mahali pasipo upepo. Kishindo kinapaswa kuwa kifupi. Kikirefuka huwa ngoma. Huwekwa juu ya fremu ile iliyoifunika pua, au fremu moja kabla yake, kamwe si baada ya kichwa kugeuka. Baada ya hapo hufuata mguno wa mdogo, halafu ukimya ambamo majani ya mgomba yanasikika. Kipimo cha mwisho ni kuwaonyesha watu ambao hawakuwapo wakati wa kupiga picha, bila kuwaambia lolote, na kutazama nyuso zao badala ya skrini. Aliyeshituka hakuona pengo. Aliyetabasamu ameliona.

Limebaki jambo la nje ya fremu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kupiga picha, lakini kibali cha mjini hakimwambii jirani wa kihamba cha pili kwamba ugomvi anaouona si wa kweli. Kijijini, sauti ya mtu anayepigwa huita watu, na watu huja na fimbo zao. Ndiyo maana mwenyekiti wa kitongoji hupewa taarifa siku moja kabla, mtu mmoja husimama njiani kuwaeleza wapita njia, na mayowe hayapigwi wakati wa kamera. Ndugu hao wawili hugombana kimya, midomo ikifumbuka bila sauti. Mayowe yao hunaswa jioni, ndani ya nyumba, wakiwa wameketi.